Mtoto Anayecheua Maziwa: Tazama Mizani Kabla ya Kutazama Leso

Juma hili nilipokea ujumbe kutoka kwa mama mmoja wa hapa Malindi ambaye amejifungua mtoto wake wa kwanza. Aliandika: "Dada, mwanangu ana wiki 10. Kila akinyonya anacheua, na wakati mwingine maziwa hutoka yakiwa yameganda na yananuka uchachu. Mavyaa wangu asema maziwa yangu hayamkai, nimpe ya kopo. Nifanyeje?"

Nilipousoma nilicheka, kisha nikanyamaza kidogo, kwa kuwa maneno hayo niliyaambiwa mimi mwenyewe nilipojifungua kifungua mimba wangu nikiwa kwa wakwe zangu Lamu, tena nikiwa tayari ni muuguzi ninayepima watoto wa watu kliniki kila asubuhi. Niliambiwa kwamba maziwa yangu ni mepesi, kisha kwamba mtoto ana mchango, kisha kwamba ametiwa jicho, na shangazi mmoja wa mume wangu akaleta maji ya mizizi kwenye kikombe ili mtoto anyweshwe. Mume wangu alikaa kimya. Nililikataa lile kombe la mizizi na nikaitwa mkaza mwana mwenye kiburi, na sitasema uongo, jina lile bado linanichoma kidogo ingawa kijana mwenyewe sasa ananizidi kimo.

Tuanze na kile kinachotendeka ndani ya mtoto. Maziwa hushuka kupitia umio, na umio unapokutana na tumbo kuna msuli wa duara unaofanya kazi ya kilango: hulegea mtoto anapomeza, kisha hujibana ili maziwa yasirudi juu. Kwa mtoto mchanga kilango hicho hakijakomaa. Mara nyingi hulegea chenyewe wakati ambapo hakuna kinachomezwa, hasa tumbo likiwa limejaa na kutanuka, na hapo maziwa hupanda. Umio wenyewe ni mfupi, chakula chote ni cha majimaji, na mtoto hushinda amelala. Ni kama kiriba kilichojazwa hadi shingoni, kikalazwa chini, na kamba ya mdomo haijakazwa. Hewa aliyoimeza wakati wa kunyonya nayo hutafuta njia ya kutoka, na ikitoka hupanda na maziwa.

Kwa hiyo kucheua kwa namna hii si ugonjwa, wala hakusemi lolote kuhusu ubora wa maziwa ya mama. Kwa kawaida huanza kabla ya mtoto kutimiza miezi 2, huzidi anapokaribia miezi 4, kisha hupungua kadiri anavyoanza kuketi, kula chakula kizito na kukaza ule msuli, na wengi wao huwa wameacha kabisa kufikia mwaka 1. Mama anayeona hali inaongezeka mwezi wa tatu hudhani mambo yanaharibika, kumbe huo ndio mwendo wake. Ama yale mabonge na ule uchachu vinavyowatisha watu, hivyo ni dalili tu kwamba maziwa yalikaa tumboni muda wa kutosha kukutana na asidi. Yakitoka mara tu baada ya kunyonya huwa kama yalivyoingia. Yakitoka baada ya saa moja huwa yameganda.

Sasa suala la wingi, maana hapa ndipo ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia. Mavyaa wangu alikuwa akiiinua leso iliyolowa na kuniambia, "Tazama, yote ameyatoa!" Siku moja nilichukua leso kavu, nikakamua maziwa yangu, nikapima vijiko viwili vikubwa, yaani mililita 30, nikayamwaga juu yake mbele ya macho yake. Doa lilitambaa likafika upana wa sahani ya wali. Aliangalia leso, akaniangalia mimi, kisha akaenda zake jikoni bila neno. Nakiri nilifurahi kuliko inavyompasa mkaza mwana, lakini jaribio lile ningependa kila mama alifanye, kwa sababu jicho la mwanadamu halijui kupima maji yaliyomwagika juu ya kitambaa.

Kinachojua kupima ni mizani, na ndiyo maana nilimjibu yule mama wa ujumbe kwa kumwomba anisomee kijitabu chake cha kliniki. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Alipokwenda kuchanjwa wiki ya 6 alikuwa na kilo 4.3, na wiki ya 10 akawa na kilo 5.2. Tufanye hesabu pamoja. Baina ya wiki ya 6 na ya 10 zimepita siku 28 na ameongeza gramu 900, yaani gramu 32 hivi kwa siku, wakati mtoto wa umri huo tunamtarajia aongeze takriban gramu 20 hadi 30 kwa siku. Kisha nilimuuliza rangi ya anachocheua, akasema ni nyeupe tu. Nikamuuliza kama hutoka kwa kuchuruzika shavuni au kwa kuruka, akasema huchuruzika. Anakojoa? Nepi sita au zaidi kwa siku. Baada ya kucheua analia? "Hapana, dada, anacheka." Mtoto wa namna hiyo hana maradhi ya tumbo. Ana kilango kichanga na mama anayefua leso nyingi.

Kumbadilishia maziwa mtoto kama huyo hakuna faida. Maziwa ya kopo nayo yatapita kwenye kilango kilekile, na kwa kweli watoto wa chupa hucheua zaidi pale wanapopimiwa kwa ukarimu wa bibi badala ya uzito wao. Kipimo cha kukadiria ni mililita 150 kwa kila kilo kwa siku nzima, kwa hiyo mtoto wa kilo 5 anahitaji karibu mililita 750. Nimewahi kupokea mtoto wa uzito huo aliyekuwa akipewa chupa 8 za mililita 150, jumla 1,200, na kila akicheua aliongezwa nyingine kufidia iliyotoka! Tulipunguza chupa ikawa ya mililita 90 mara 8, na leso zikaanza kukauka.

Anayenyonyesha hana haja ya vipimo hivyo. Amsimamishe mtoto begani atoe mbweu anapobadilisha titi na anapomaliza, ambebe wima kwa dakika 20 au 30 kabla ya kumlaza, na alegeze ubinda, maana huku kwetu tuna mazoea ya kumfunga mtoto kiunoni kwa mkazo unaolikamua tumbo lililotoka kushiba. Asimtie uji wala unga kwenye maziwa ili "yakae", kwa kuwa kabla ya miezi 6 mtoto anatosheka na maziwa ya mama peke yake. Maji ya mizizi ndiyo mabaya zaidi, kwani hujaza nafasi ya maziwa na huweza kuleta kuhara. Hata dawa za kupunguza asidi hazimsaidii mtoto anayecheua akiwa na furaha: hupunguza ukali wa kinachopanda, hazizuii kupanda kwenyewe. Nayasema haya kwa msisitizo na nitayarudia hadi sauti inikauke, kwa kuwa tumerithi desturi ya kumtibu mtoto ili kuwatuliza watu wazima.

Kuna jambo moja ambalo akina mama wenyewe hunibishia, nalo ni kumlaza chali. Wanahofu atapaliwa akicheua usingizini, kwa hiyo humlaza kifudifudi au humwekea mto. Fikirini jinsi mirija miwili ilivyokaa shingoni: njia ya hewa iko mbele, umio uko nyuma yake. Mtoto akilala chali, njia ya hewa huwa juu na umio huwa chini, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda mlima ili yaingie kwenye pumzi, na mtoto mzima wa afya huyameza tena au huyakohoa. Akilala kifudifudi mpangilio huo hugeuka, na hatari ya kufa ghafla usingizini huongezeka. Alale chali, juu ya godoro lililonyooka, bila mto, hata kama anacheua.

Upande wa pili wa habari hii niliuona kwa jirani yangu. Mwanawe wa kiume alikuwa na wiki 5, na kwa siku kadhaa alikuwa akitapika kila baada ya kunyonya. Watu walimwambia mama yake kuwa ni kucheua tu, nami ningeweza kusema hivyo kama nisingekuwepo mtoto akinyonyeshwa. Alinyonya kwa pupa, akatulia, kisha maziwa yakaruka yakavuka mkeka na kulowesha ukuta. Mara hiyohiyo alilia akitaka titi tena. Nepi ilikuwa kavu tangu alfajiri. Mizani ilionyesha kilo 3.8, ilhali wiki moja kabla alikuwa na kilo 4.0. Hapo tatizo halikuwa kilango cha juu kilicholegea bali mlango wa chini wa tumbo, unaopeleka chakula kwenye utumbo, ambao msuli wake umenenepa hadi njia ikazibika. Ugonjwa huo hujitokeza zaidi baina ya wiki 2 na 8, na wavulana huupata kuliko wasichana. Alipelekwa Mombasa siku ileile, akapigwa picha ya mawimbi ya sauti, akarudishiwa maji na chumvi mwilini kwanza, ndipo akafanyiwa upasuaji mdogo wa kuupasua ule msuli. Alinyonya tena baada ya muda mfupi na akanenepa.

Matapishi ya kijani hayasubiri hata asubuhi, kwa maana hiyo ni nyongo, na huenda utumbo umejisokota. Vivyo hivyo damu, tumbo lililovimba na kukaza, homa, utosi uliotuna, mtoto kulegea asiamke kunyonya, au kujipinda na kulikataa titi kila mara. Kucheua kunakoanza baada ya miezi 6, au kunakoendelea kupita mwaka, nako kunataka daktari, lakini kwa hatua za kawaida.

Yule mama nilimwandikia aendelee kunyonyesha na amwonyeshe mavyaa wake hesabu ya gramu 900, kwa heshima, wala asiseme imetoka kwangu. Chanjo inayofuata ni ya wiki 14, na huenda kufikia siku hiyo mtoto atakuwa anacheua zaidi ya sasa. Kama mstari wake kwenye kijitabu utakuwa umeendelea kupanda, sitabadili neno. Kama utakuwa umelala, nimemwambia asirudi nyumbani kabla daktari hajamwona.