"Nusu kwa nusu" iliniaibisha mbele ya mzee wa watu

Swali: "Niko Goma, nimepewa uhakiki wa kitabu niukague kabla haujachapwa. Muhtasari ni nusu, tathmini nusu, kwa hiyo uko sawa, si ndiyo?"

Simama hapo hapo, ndugu yangu. Hiyo nusu kwa nusu ndiyo iliyonivua nguo hapa Bukavu.

Nilikuwa nakagua makala za kijarida chetu. Mkubwa mmoja aliyejiona bingwa wa uhariri alinifundisha kushika biki mbili, buluu kwa muhtasari na nyekundu kwa tathmini, kisha nihesabu mistari. Zikilingana, chapa. Ukaja uhakiki wa kitabu cha kahawa ya Kivu wakati wa Wabelgiji: buluu ishirini, nyekundu ishirini. Nikaona uzuri mtupu, nikapitisha.

Wiki mbili baadaye mwandishi, mzee wa Kadutu, akaja na kitabu chake kwapani. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akafungua utangulizi, akaweka kidole: "Nitaishia 1960." Kisha akafungua kijarida chetu: "Mwandishi anasahau vita ya 1996." Mistari kumi na miwili ya nyekundu ilikuwa kumlaumu kwa hilo tu. Mtu anasahauje kitu alichosema hatakigusa? Mhakiki alikuwa na haki ya kubisha kwamba kuishia 1960 kunaidhoofisha hoja ya kitabu, ila kwanza amwambie msomaji kwamba mwandishi mwenyewe aliweka mpaka huo, na kwa nini.

Hata buluu yangu ilikuwa na sumu. "Anadai bei ilishuka", wakati mzee ameweka jedwali zima la bei! Hapo umeshahukumu huku unajifanya unasimulia. Biki haioni kitenzi, na siku ile mimi nilikuwa biki.

Mzee akaniuliza tena: "Kurasa mlizozitaja ni zipi?" 9, 14, 31, 40. Kitabu kina kurasa 212. Lawama ya pili, ya mishahara ya wavunaji, ilikuwa imejibiwa sura ya tano, ambayo hakuna aliyeifungua. Mimi ndiyo kabisa, kitabu sikuwa nacho hata mezani. Tulichapa masahihisho, mzee hakutuandikia tena, na yule bingwa akasema eti "mambo hutokea". Yalimtokea nani?

Kwa hiyo usikague uhakiki bila kitabu chenyewe mkononi. Tafuta kwenye utangulizi mstari ambao mwandishi anasema atafanya nini, halafu chukua kila lawama uifuate mpaka kwenye ukurasa wake. Isiyo na ukurasa irudishe. Ukikuta kurasa zote zimetoka mwanzoni, mpigie mhakiki simu, umuulize sura ya mwisho inasema nini, kisha usikilize anavyokohoa.

Wewe kitabu unacho, ao walikutumia uhakiki tu kwa wasapu?