Kumkumbusha mteja deni kwa WhatsApp bila kumtisha

Duka langu la mtaani hapa Dar es Salaam linakwenda na daftari la madeni. Mteja anachukua unga leo, analipa mshahara ukiingia. Siku hizi wengi nawakumbusha kwa WhatsApp, na kwa wateja wangu emoji moja tu inaweza kumfanya mtu alipe kwa amani au aanze kupita njia ya nyuma.

Emoji naiweka kwenye salamu na kwenye shukrani. Mstari wa pesa nauacha mtupu. Uso unaocheka ukikaa karibu na kiasi, mmoja ataona unamcheka, mwingine atadhani deni ni utani na linaweza kusubiri.

Kwa mteja aliyenizidi umri naandika hivi:

"Shikamoo mama, habari za asubuhi 😊 Nakukumbusha vile vitu vya tarehe 12: unga wa sembe kilo 5 (9,000), sukari kilo 2 (6,000) na mafuta ya kula lita 1 (6,000). Jumla ni shilingi 21,000. Lipa namba ni ile ile ya dukani. Kama zote hazijapatikana, niambie tuanze na ngapi. Asante sana mama 🙏"

Vitu navitaja kimoja kimoja kwa sababu deni la mwezi husahaulika kweli, na mtu akiona namba tupu huhisi ameongezewa. Ile sentensi ya mwisho kabla ya asante ndiyo inayoleta majibu. Asiye na elfu ishirini na moja hunyamaza kwa aibu, lakini akiulizwa aanze na ngapi anaweza kutuma elfu kumi. Zikiingia namjibu papo hapo: "Nimepokea 10,000, imebaki 11,000. Asante mama 🌸". Kisha naandika kwenye daftari.

Mkono wa 🙏 unatosha mmoja. Ikipangwa mitatu, inakuwa kama unaomba msaada, na hiyo ni pesa yako. Saa ya kengele ⏰ na alama nyekundu ❗ zinasomeka kama onyo hata maneno yakiwa matamu. Macho 👀 ndiyo mabaya zaidi, maana yanasema "nakuona unavyonikwepa". Hata 🙂, ambayo wengi tunaiona ya upole, vijana huisoma kama tabasamu la mtu aliyekasirika; mimi natumia 😊 yenye mashavu mekundu.

Natuma asubuhi, siku moja au mbili baada ya mishahara kutoka, tena kwa mteja peke yake. Deni la mtu kwenye grupu la mtaa au kwenye status ni kumdhalilisha, hata ukilizungushia maua.

Tiki zikigeuka bluu na jibu lisije, siandiki "naona umesoma". Nasubiri siku tatu, kisha napiga simu. Hapo emoji hazina kazi tena. Nasalimia, nauliza hali ya nyumbani, ndipo nataja deni.