Emoji uliyoituma huenda siyo aliyoiona mwenzako

Mwaka 2017, familia yetu ya Nyakato, Mwanza, ilipokuwa katika maandalizi ya harusi ya mdogo wangu, nilimwandikia rafiki yangu anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, kumkumbusha ahadi yake ya mchango wa shilingi 50,000. Siku hiyo alikuwa amevuka kwenda Ukerewe kufuata mzigo, na kwa kuwa intaneti ilikuwa ikisuasua mahali alipokuwa, tuliandikiana kwa meseji za kawaida na si kwa WhatsApp. Jibu lake lilisomeka hivi: "Sawa dada, ahadi yangu naikumbuka. Nitaileta mwisho wa mwezi 🙄".

Kwenye simu yangu, kisura kilichofunga ujumbe ule kilikuwa kimegeuza macho juu, na mdomo wake ulikuwa umenyooka bila dalili ya tabasamu. Ni sura ya mtu aliyechoshwa na anayezungumza naye. Niliumia sana, kwa sababu maneno yalikuwa ya heshima lakini uso ulionyesha dharau, na kati ya maneno na uso mimi niliamini uso. Sikumjibu. Yeye akauchukulia ukimya wangu kuwa hasira ya kucheleweshewa fedha, akatuma mchango kwa simu bila salamu, na kwa wiki tatu watu waliokuwa wakipigiana simu kila jioni hawakusemezana.

Tulikuja kukutana gatini, ambako boti ya kutoka Nansio hufika, nikiwa nimekwenda kumpokea shangazi. Akaniuliza, "Dada, nilikukosea nini?" Nikamfungulia ujumbe wake. Aliutazama, akanyamaza, kisha akatoa simu yake, ya kampuni tofauti na yangu, akautafuta ujumbe uleule na kuuweka kando ya wangu. Kwake macho yalikuwa yakitazama pembeni, na mdomo ulikuwa umeinuka kwa tabasamu dogo la aibu. "Nilikuwa naona haya kwa kuchelewa," akasema, "ndiyo maana nikamweka huyu."

Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia jambo hili kwa bidii, na jambo la kwanza ninalotaka msomaji alielewe ni kwamba emoji haisafiri kama picha. Rafiki yangu alipobonyeza kile kisura, kilichoondoka kwenye simu yake kilikuwa namba tu, `U+1F644`, sawa na jinsi herufi A inavyosafiri kwa namba yake. Namba hizi hupangwa na shirika linaloitwa Unicode, ambalo liliingiza emoji nyingi kwa mara ya kwanza katika kiwango chake mwaka 2010, ili simu za kampuni mbalimbali ziweze kupokeana. Kila namba hupewa jina, na ya kisura hiki ni `FACE WITH ROLLING EYES`, pamoja na mchoro wa mfano usio na rangi. Kiwango hakimlazimishi mtengenezaji kuufuata mchoro huo kwa kila mkunjo wa mdomo. Simu inayopokea namba huitafuta katika fonti yake yenyewe na kuchora kisura ilichonacho humo, bila kujua mtumaji aliona nini.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kampuni zisitumie michoro ya aina moja na yakaisha. Sababu ni kwamba michoro ni kazi ya sanaa yenye haki miliki, na kila kampuni hutaka kazi yake ilingane na sura nzima ya mfumo wake. Wachoraji wanaotazama jina lilelile wanaweza kulitafsiri kwa njia tofauti. "Macho yanayozungushwa" kwa mchoraji mmoja ni kero, na kwa mwingine ni utani. Tofauti ya upana wa tabasamu, ambayo mezani pa mchoraji ni ndogo mno, inatosha kugeuza dharau kuwa haya.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa 😁, ambayo namba yake ni `U+1F601` na jina lake linazungumzia uso unaocheka kwa meno huku macho nayo yakitabasamu. Kabla ya mfumo wa iOS 10 uliotoka mwaka 2016, mchoro wa Apple ulikuwa na meno yaliyobanwa kiasi kwamba wengi waliuona kama uso wa mtu anayevumilia maumivu au aliyeingia katika jambo la aibu, ilhali kampuni nyingine zilichora furaha ya wazi. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani waliwaonyesha watu michoro ya kampuni mbalimbali na kuwauliza hisia wanazoziona, na tofauti ya kisura hiki ilikuwa miongoni mwa zilizojitokeza wazi. Bastola, 🔫, nayo ilipitia hali ya hatari zaidi. Mwaka 2016 Apple ilibadilisha mchoro wake kuwa bastola ya maji ya kuchezea watoto, lakini Google na Samsung zilifanya hivyo mwaka 2018. Katika kipindi hicho mtu aliweza kutuma mzaha wa kurushiana maji, na mwenzake akapokea silaha halisi.

Utafiti ule ulionyesha pia jambo ambalo hutuzuia kuzitwika simu lawama zote. Hata watu walipotazama mchoro uleule mmoja, katika asilimia 25 ya nafasi hawakukubaliana kama hisia yake ni nzuri, mbaya au ya kati. Hapa Mwanza nimeona watu wengi wakituma 😪 kwenye taarifa za msiba, wakiamini kwamba ni chozi. Tone lile linatoka puani, na katika katuni za Kijapani ndiyo ishara ya mtu aliyesinzia. Hilo ni tatizo la kuelewa maana, si la mchoro, na simu mbili zikiwekwa kando kwa kando hazitalifichua.

Basi utajuaje kwamba mlichokosania ni mchoro? Dalili ninayoitegemea kuliko zote ni ile niliyoipuuza mwaka 2017, yaani maneno na uso kutokubaliana. Usome ujumbe kana kwamba emoji haipo. Ukiona maneno yana "dada", yana ahadi na yana heshima, na ukali wote umebebwa na kisura peke yake, usikasirike bado. Mwombe mwenzako akutumie picha ya skrini yake. Ninasisitiza picha ya skrini kwa sababu wengi hukosea hapa kwa kumwomba mtu asambaze tena ujumbe uleule. Ujumbe ukisambazwa, inayokuja ni namba ileile, na simu yako itakuchorea kisura kilekile kilichokuudhi. Picha ya skrini ndiyo hubeba mchoro kama alivyouona mtumaji.

Wasomaji wengine watasema kwamba siku hizi karibu mazungumzo yote yako WhatsApp, na ni kweli kwamba hilo limepunguza tatizo. Tangu mwishoni mwa mwaka 2017, WhatsApp ina michoro yake yenyewe kwenye simu za Android, kwa hiyo wenye simu za Android za kampuni tofauti huona kisura kimoja ndani ya mazungumzo. Kwenye iPhone, hata hivyo, programu hiyo hutumia michoro ya Apple. Tena arifa inayotokea juu ya skrini kabla hujafungua mazungumzo huchorwa na mfumo wa simu. Unaweza kulijaribu hili mwenyewe ukiwa na Android: itazame emoji katika arifa, kisha ufungue ujumbe na kuitazama tena. Kwenye simu nyingi utaona kwamba mashavu, macho au kivuli vimebadilika. Mtu mwenye tabia ya kusoma arifa na kuamua palepale kutofungua ujumbe anaweza kuondoka na hisia ambayo hata WhatsApp yenyewe haikuichora.

Kwenye meseji za kawaida tatizo limebaki, na kwetu lina uzito wa pekee kwa sababu visiwani na kwenye mialo ya mbali, bando linapoisha au mtandao unapokuwa dhaifu, meseji ndiyo hutufikia. Pia tunatumia simu kwa muda mrefu, na nyingi hununuliwa zikiwa zimeshatumika. Kwa simu za Android za zamani, fonti ya emoji huja pamoja na mfumo mzima, kwa hiyo simu iliyoacha kusasishwa mwaka 2016 bado inachora kama ilivyochora mwaka huo, hata kama kampuni iliyoitengeneza ilikwisha kurekebisha mchoro kwenye simu mpya. Kampuni kubwa zimesogeleana sana tangu mwaka 2018, lakini kusogeleana huko hakujaifikia simu iliyo mkononi mwa mvuvi ambaye hajawahi kupokea sasisho.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea utaratibu. Katika jambo la fedha, msiba au kuomba radhi, naandika hisia kwa maneno kwanza: "naona haya kuchelewa", "natania", "nimefurahi". Kisha natazama kama sentensi ingeeleweka vilevile endapo kisura kingefutwa. Ikiwa haieleweki, naongeza neno na si emoji. Naziepuka hasa sura za katikati, zile ambazo maana yake yote iko kwenye mkunjo mdogo wa mdomo au pembe ya macho, kama 🙄, 😏 na 😬, kwa sababu ndizo zinazobadilika mchoraji anapobadilika. Sura yenye ishara kubwa, kama 😂 yenye mdomo wazi na machozi ya kicheko, hustahimili zaidi. Nikitaka kuhakikisha, hufungua tovuti ya Emojipedia, ambayo huweka michoro ya kampuni mbalimbali ya emoji moja kwenye ukurasa mmoja, pamoja na ya matoleo yaliyopita, nikalinganisha midomo. Hata wewe unayesoma makala hii, visura nilivyoviweka hapa unaviona kwa mchoro wa kifaa chako, ndiyo maana nimevieleza kwa maneno.

Ninao ushauri mmoja zaidi, nao ni kuhifadhi picha ya skrini mapema, kabla simu haijasasishwa au kubadilishwa. Kwa kuwa ujumbe uliohifadhiwa ni namba, simu ikipata fonti mpya huzichora upya hata meseji za miaka iliyopita. Rafiki yangu alibadilisha simu baadaye na kuhamishia humo meseji zake zote. Jioni moja, tukiwa tumekaa Kirumba tukisubiri gari la mzigo, alitafuta ujumbe wake wa Ukerewe ili amwonyeshe binti yake jinsi tulivyokosana kwa tabasamu. Ulikuwepo, pamoja na tarehe yake na maneno yake yote, ila kisura kilikuwa kimegeuza macho juu na mdomo umenyooka, kama kilivyokuwa kwangu tangu mwanzo. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia na kusema, "Dada, huyu mimi sikumtuma."