Foraji yako inaweza kutoa mayi kiasi gani? Usiandike mbele ya kupompa saa 24

Juma iliyopita kijana moja mwenye kusoma jeolojia hapa Lubumbashi alinitumia mesaji, anasema: "Grand, tulisha kumaliza foraji, na kompresa ilitoa mayi kama mita kibu 10 kwa saa, naweza kuandika 10 mu ripoti?" Nilimujibu hapana, na juu jibu ilikuwa refu, naiweka hapa kwa bale bote benye kufanya kazi hii.

Kwanza, ile mayi kompresa inarusha siku ya kutoboa haikupe kipimo cha kazi. Inakuonyesha tu kama kuko mayi, na karibu kiasi gani, ili ujue utashusha pompi gani kwa esé. Kile tunatafuta ni kingine: nikipompa mwezi kwa mwezi, tangu mvua inakatika mwezi wa ine mupaka inarudia karibu ya mwezi wa kumi na moja, mayi mu foraji itashuka mupaka wapi? Hiyo ni kama siku 180 bila mvua kuingia mu udongo. Kompresa haiwezi kukujibu, na esé ya saa tatu nayo haiwezi. Nitakuonyesha na foraji moja ninajua vizuri.

Iko upande wa Aneksi, mu jiwe la dolomi lenye mipasuko. Papa mwenye lupango alitaka mita kibu 10 kwa saa kwa kuku na bustani. Mayi ilikuwa inatulia kwa mita 14 chini. Mupasuko mukubwa wa kuleta mayi ulikuwa kwa mita 38, na ile mita 38 uishike, tutairudilia. Bale balitoboa balifanya saa tatu, bakaona mayi inashuka polepole, bakasema 10 inaenda bila shida. Mimi niliomba saa 24. Mukubwa wao akasema mbele ya batu bote kama natafuta tu kukula makuta ya mazuti. Ile neno iliniumiza, na mupaka leo nikipita kule naikumbuka. Lakini papa alikubali kulipa mazuti, tukafanya.

Tulipompa mita kibu 6 kwa saa, bila kubadilisha. Hapa njo batu banaharibu kazi: mayi ikishuka, pompi inainua mbali zaidi, debi inapunguka yenyewe, gurupu nayo ikichoka inapunguka tena. Ukiona musitari wa kushuka unalala, unafurahi unasema foraji imepata mayi mupya, kumbe ni debi tu njo ilipunguka. Basi anza na robine yenye kufungwa nusu, na uwe unaifungua kidogo kidogo. Mita kibu 6 kwa saa ni litre 100 kwa dakika, pipa la litre 200 linajaa kwa dakika mbili, pima mara kwa mara, usiku pia. Na mayi ya kutoka uipeleke mbali na bomba, juu ukiimwanga kando ya foraji itarudia mu mipasuko na itakudanganya.

Kushuka kwa mayi, kuhesabu tangu mita 14, ilikuwa hivi: dakika ya 10, mita 6.2, dakika ya 100, mita 7.4; dakika ya 200, karibu 7.8; dakika ya 1000, mita 9.4, na mwisho, dakika ya 1440, mita 9.8. Weka hiyo kwa karatasi yenye wakati umeandikwa kwa logaritimi, utaona musitari wa kunyooka. Dakika za kwanza uziache, pale pompi inakunywa mayi yenye ilikuwa imesimama ndani ya bomba. Kisha angalia: kutoka 10 kufika 100 (wakati umezidishwa mara 10) mayi imeshuka mita 1.2. Njia ya Cooper na Jacob ya mwaka 1946 inakupa namna jiwe linapitisha mayi:

```
T = 0.183 × Q / Δs
T = 0.183 × 144 / 1.2 = 22 m²/siku
```

144 ni mita kibu 6 kwa saa mara saa 24. Ni namba ya kupendeza, na bale ba saa tatu balisimama pale. Lakini angalia nyuma ya dakika 200: musitari unavunjika, sasa mayi inashuka mita 2.4 kila wakati ukizidishwa mara 10, ni mara mbili kamili. Mara mbili kamili ina maana yake. Kule kushuka kwa mayi kunapanuka mu jiwe kuzunguka foraji, na kwa upande moja kumefika fasi dolomi inaishia, kumegonga jiwe lenye halipitishe mayi. Tangu pale foraji inashuka sawa vile kungekuwa foraji ya pili, ngambo ya ule mupaka, inapompa debi ile ile. Saa tatu ni dakika 180. Bao balizima gurupu dakika 20 mbele ya jambo lenyewe kuonekana!

Sasa hesabu ya kiangazi. Siku 1 kwenda siku 180 ni kuzidisha mara 180, logaritimi yake ni 2.26. Mara 2.4 inakupa mita 5.4, uongeze kwa 9.8, ni mita 15.2 ya kushuka kwa debi ya 6. Kwa debi ya 10 ni karibu 25, na zaidi kidogo, juu mayi ikikimbia sana mu mipasuko inapoteza nguvu. Tena mayi yenyewe yenye kutulia inashuka kiangazi. Pale tulihesabu mita 4, basi 14 inakuwa 18. Na 10 unafika mita 43, chini ya mupasuko wa mita 38. Na musitari wa saa tatu ungepata 37 tu, ungesema iko muzuri.

Kwa nini tusipite mupasuko? Juu mayi ikishuka chini yake, ule mupasuko hauwezi kuongeza kitu hata ushushe pompi namna gani, mayi inaanguka na hewa, na ukoko unaanza kufunga mulango. Tuliacha mita 3 ya usalama: 35 kutosha 18, inabakia 17. Mita 15.2 inatoa 6, basi 17 inatoa 6.7. Niliandika 6.

Papa alisikiliza bale bengine, akanunua pompi ya 10. Mwezi wa tisa akaniita: mayi inatoka nyeupe ya hewa, pompi inapiga kelele. Tulirudisha 6 na tanki kubwa ya kujaza usiku, na ilifika mupaka mvua. Sikusemea kitu siku ile, lakini vijana bangu, namba ya kweli inalindwa na karatasi, haihitaji kupandisha sauti.

Usisahau kupima mayi ikipanda nyuma ya kuzima, kule debi haiwezi kukudanganya. Nyuma ya saa 24 za kupumuzika bado ilibakia mita 0.7 ya kupanda. Na musitari wa 2.4 ilipashwa kubakia 2.4 mara logaritimi ya 2, ni 0.72. Sawa kabisa. Kama ingebakia mita moja na nusu, ningejua mayi imefungwa pande zote, na hata 6 ningeipunguza.

Na mu ripoti, debi usiiandike yenyewe. Andika masaa ya kupompa kwa siku, fasi pompi inatundikwa, kipimo cha mayi yenye kutulia na tarehe yake, na kama jirani akitoboa foraji ingine mu dolomi ile ile, hesabu inaanza mupya.