Stark ya haidrojeni: kabla hujaandika F au F², angalia kwanza hali zipi zina nishati sawa

Kila mwaka naletewa swali hili hili na vijana wa fizikia ninaowasaidia masomo ya kwanta: kwa nini ukiweka atomi ya haidrojeni kwenye uga wa umeme wenye nguvu F kiwango cha n=1 kinashuka kwa F² tena kidogo sana, halafu n=2 kinapasuka vipande vitatu kwa F yenyewe? Atomi ni ile ile, elektroni moja protoni moja. Wengi wamekariri majibu yote mawili na wanayaandika vizuri tu kwenye mtihani, ila ukimbadilishia atomi au ukimpa uga mdogo anapotea kabisa. Kwa hiyo leo naandika jinsi mimi ninavyolifundisha, na ushauri wangu mkubwa nauweka mwanzoni kabisa: usianze na fomula ya pertabesheni, anza kwa kuuliza ni hali zipi zina nishati sawa NA zinaunganishwa na z. Yote mawili kwa pamoja, moja peke yake halitoshi.

Tuanze na n=1 maana hapo ni haraka. Uga ukielekea z, nishati inayoongezeka ni H' = eFz, e ikiwa ni ukubwa wa chaji. Hali ya 1s iko peke yake (spini tuiache, uga wa umeme hauigusi hapa), na wingu lake ni duara kamili kuzunguka protoni. Ukichukua wastani wa z unapata sifuri, kwa sababu |ψ|² ni shufwa na z ni witiri, upande wa juu unafuta upande wa chini. Bas, hakuna F ya kwanza. Ili uga upate kitu cha kukamata lazima kwanza uvute hilo wingu kidogo, uchanganye 1s na 2p, 3p na kuendelea, ndo dipoli itokee, na dipoli hiyo yenyewe inakua na F, kwa hiyo nishati inakuwa F mara F. Jibu kamili kwa vizio vya kiatomi ni −(9/4)F². Kama unataka kuhakiki bila kujumlisha hali zote, badilisha kila asili ya sehemu iwe ile pengo dogo kuliko yote, E2 − E1 = 3/8, na wastani wa z² kwenye 1s ni 1, utapata 8/3. Jibu la kweli lazima liwe dogo kuliko hilo kwa ukubwa, na 9/4 ni dogo kuliko 8/3. Hesabu ya mistari miwili, na inakuokoa usiandike upuuzi.

Sasa n=2, hapa ndo pa kukaa. Bila spini tuna hali nne zenye nishati moja: 2s, 2p0, 2p+1 na 2p−1. Kosa ninaloliona sana ni hili, mtu anachukua kila hali moja moja, anatafuta wastani wa z, anapata sifuri kwa zote nne (ni kweli ni sifuri), anasema bas hakuna badiliko la mstari, anahamia daraja la pili. Akifika huko anakutana na sehemu yenye asili E(2s) − E(2p), ambayo ni sifuri, na jibu linalipuka. Ukiona sifuri chini ya sehemu, hesabu inakuambia kwamba hali ulizochagua kuanzia sio zile ambazo uga unazitaka. Usiirushe hiyo sehemu ukaendelea, watu wengi wanairusha kimya kimya, hapana, rudi nyuma utengeneze matriksi.

Matriksi ya nne kwa nne inatisha ila karibu yote ni sifuri. z haibadilishi m, kwa hiyo 2p+1 na 2p−1 haziguswi na yeyote humu ndani. Za diagonali zote ni sifuri kwa pariti. Kinachobaki ni kimoja tu, 2s na 2p0, na hicho nakushauri ukifanye kwa mkono wako angalau mara moja. Ukiandika ρ = r/a, a ikiwa ni rediasi ya Bohr, fankisheni ni

```
ψ(2s)  = N (2 − ρ) exp(−ρ/2)
ψ(2p0) = N ρ cosθ exp(−ρ/2),   N² = 1/(32π a³)

<2s|z|2p0> = (a/24) ∫ (2ρ⁴ − ρ⁵) exp(−ρ) dρ
           = (a/24)(2·24 − 120) = −3a
```

Hiyo 24 ya chini inatokana na pembe, cos²θ ikizungushwa pande zote inatoa 4π/3, gawanya kwa 32π. Alama ya kutoa nayo ina maana yake: 2s inabadilisha alama pale ρ=2, na sehemu ya nje ndo yenye uzito zaidi kwenye hii intigrali. Kama umepata +3a bila kubadilisha alama ya fankisheni yoyote, rudi kwenye 120.

Kwa hiyo kimebaki kimatriksi cha mbili kwa mbili chenye sifuri kwenye diagonali na −3eaF pembeni. Thamani zake ni +3eaF na −3eaF, na hali zenyewe ni 2s na 2p0 zikiwa nusu kwa nusu, moja kwa kujumlisha na nyingine kwa kutoa. Ya chini ni ile ya kujumlisha, na ukitafuta wastani wa z ndani yake unapata −3a, yaani elektroni imekaa kinyume na mwelekeo wa uga kama unavyotegemea kwa chaji hasi. Hapa naomba utulie kidogo. Dipoli hii ya 3ea haitegemei F hata kidogo. Ni kama mzani uliosawazika sawasawa, ukiweka punje moja au kilo nzima unalala upande ule ule, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuuzuia. Ndo maana nishati ni F mara namba isiyobadilika, na ndo maana ni mstari. Kwenye 1s kulikuwa na pengo la zaidi ya eV 10 linalozuia, humu hakuna pengo.

Halafu angalia 2p+1 na 2p−1, nazo zina nishati sawa ila hazikusogea, zimebaki katikati. Hizi nazitumia kuwavunja watu ile imani kwamba ukiwa na nishati sawa tu unapata mstari. Lazima ziwe na pariti tofauti na m ile ile ili z iziunganishe. Sodiamu hali yake ya chini ni 3s, na 3p iko juu kwa kama eV 2.1, kwa hiyo huko ni F². Ile hali ya s na p kulingana ni zawadi ya haidrojeni na uvutano wake wa 1/r, atomi nyingi hazina.

Ukubwa je? Chukua volti 100,000 kwa sentimita. 3eaF inatoka kama eV 0.0016. Kwa uga huo huo 1s inashuka kama eV 0.000000023, ndogo kwa zaidi ya mara elfu sitini. Ndo maana Johannes Stark alipopasua mistari ya Balmer kule Aachen mwaka 1913 (na Lo Surdo kule Italia mwaka huo huo akaona kitu hicho hicho) kilichoonekana ni ule mpasuko wa mstari wa viwango vya juu, sio mshuko wa 1s.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo vitabu vingi vya mwanzo vinairuka na mimi naona ndo inayofungua macho. Kiuhalisia 2s na 2p hazilingani kabisa. Lamb na Retherford walionyesha mwaka 1947 kwamba 2s1/2 iko juu ya 2p1/2, na vipimo vya baadaye vikaliweka pengo hilo kwenye kama MHz 1058. Sasa je, haidrojeni halisi ni F au F²? Jibu linategemea uga wako ukilinganisha na hilo pengo, na fomula moja inabeba yote:

```
mshuko au mpando = √(Δ²/4 + V²) − Δ/2
```

Δ ni pengo, V ni nguvu ya kuunganisha. Ukiingiza spini, kati ya 2s1/2 na 2p1/2 z inatoa √3·a badala ya 3a, hivyo V ni kama MHz 2.216 kwa kila volti moja kwa sentimita. V ikiwa ndogo unapata V²/Δ, yaani F². V ikiwa kubwa unapata V, yaani F. Jaribu mwenyewe:

```python
D = 1058.0                      # MHz
for F in [10, 20, 100, 200, 1000, 2000]:   # V/cm
    V = 2.216*F
    print(F, (D*D/4 + V*V)**0.5 - D/2)
```

Kutoka 10 kwenda 20 inatoka 0.46 ikawa 1.85, mara nne, kwadratiki safi. Kutoka 100 kwenda 200 ni mara 3.6 hivi. Kutoka 1000 kwenda 2000 ni mara 2.25, karibu mstari. Mpito uko pale V inapofikia nusu ya pengo, kama volti 240 kwa sentimita. Hiki ndo kipimo ninachompa kila mtu, ongeza uga mara mbili uone namba inaongezeka mara ngapi, sio kwa fomula tu hata kwa data. Ila hizo namba za elfu usizichukue kwa MHz kamili, maana 2p3/2 iko juu kama MHz 9,900 tu na huko tayari imeanza kuingia, ukitaka usahihi weka zote tatu kwenye matriksi. Na kwa laki moja ya Stark mapengo yote haya ni madogo kuliko 3eaF, kwa hiyo unarudi kwenye ±3eaF bila wasiwasi.

Na usidhani mshuko mdogo maana yake uga hauna kazi. Kwa volti 10 kwa sentimita 2s inasogea nusu MHz tu, lakini imeshachanganyika na 2p kwa (V/Δ)², kama sehemu 4 kati ya 10,000. 2p inaishi nanosekunde 1.6, 2s bila uga inaishi kama sekunde 0.12. Ukigawa 1.6 kwa huo mchanganyiko unapata maisha mapya ya 2s, kama maikrosekunde 3.6. Kwa hiyo anayefanya kazi na boriti ya atomi za 2s, uga uliozagaa ataugundua kwanza kwa atomi kupotea njiani, kabla hata hajaona mstari wowote umehama.