Hoteli imejaa na mgeni mmoja bado yuko njiani

Hesabu ya vyumba ifanyike saa nane mchana, si saa nne usiku mgeni akiwa amesimama kaunta na begi lake. Tuchukue hoteli ya vyumba 40 Mji Mkongwe, Zanzibar. Usiku huu imeuza 43, na chumba kimoja heta ya maji imeharibika. Wamezidi wanne.

Pitia majina kwanza. Mara nyingi mtu mmoja ameandikwa mara mbili: wakala kamwekea nafasi, naye kajiwekea mtandaoni. Ukimpata mmoja wa namna hiyo, wamebaki watatu. Fundi akiiwahi heta, wamebaki wawili. Aliyeweka nafasi bila kulipa wala kuacha kadi mpigie simu. Akisema ameahirisha safari, amebaki mmoja.

Huyo mmoja wa kuhamishiwa hoteli nyingine mchague wewe. Ukiacha mambo yajiendee, atakayehamishwa ni yule wa mwisho kufika, na huenda ni mama mwenye watoto wawili waliolala begani. Anayefaa ni mtu aliye peke yake, wa usiku mmoja au miwili, asiye na wenzake hotelini.

Hoteli ya pili iwe ya hadhi ileile au zaidi, na iwe karibu. Chukua jina la mpokezi uliyezungumza naye, kisha mtumie kwa maandishi kwamba chumba, kifungua kinywa na kodi mnalipa nyinyi. Hapa ndipo panapoharibika zaidi: mgeni anafika kule anaombwa kadi ya dhamana, na heshima yote uliyomfanyia inakwisha.

Kama una namba yake, mwambie kabla hajatoka uwanja wa ndege, teksi impeleke moja kwa moja. Akishafika kwako, mketishe pembeni, mpe maji, usimweleze mbele ya foleni. Neno la kwanza liwe kosa, la pili liwe suluhisho: "Samahani sana, bwana. Tumepokea wageni kuliko vyumba tulivyonavyo, na kosa ni letu. Tumeshakuchukulia chumba hoteli ya jirani, gharama ni juu yetu, na gari linakusubiri." Usisingizie kompyuta, haaminiki mtu kwa hilo. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo mpe kijana wa kubeba mizigo amfikishe hadi mlangoni.

Akishaondoka, usimwandike kuwa hakufika, kwani mfumo unaweza kumkata pesa kwa chumba ambacho hakulala. Ijulishe tovuti aliyotumia, na kama alishalipa, malipo ya usiku ule yashughulikiwe usiku uleule. Mwachie mpokezi wa zamu jina lake na alikopelekwa. Mkewe akipiga simu akajibiwa "hatuna mgeni huyo", mmemtia hofu bure. Na dereva wa ziara ya mashamba ya viungo atakuja kumchukua kwenu saa tatu asubuhi, kwa hiyo naye apigiwe mapema.

Kama ana usiku wa pili, muulize: arudi kwenu au abaki kule? Wengi hawapendi kufunga begi mara mbili. Akichagua kurudi, chumba chake kiwe tayari kabla gari halijamfuata.