Kila upande unaniambia nadanganya

*Shangazi, nina miaka 28, naishi Nairobi. Nilikuwa na mpenzi wa kike kwa miaka mitatu, tukaachana. Sasa nina mwaka na nusu na mwanamume ninayempenda kwa dhati, na tunapanga kwenda kwa wazazi. Nilipomweleza yaliyopita alisema, "Kumbe ulikuwa unajaribu tu." Kesho yake akaniuliza kama siku moja nitamwacha niende kwa mwanamke. Marafiki zangu wa zamani, wasichana wanaopenda wasichana, wamenitoa kwenye grupu. Wanasema nimekimbilia usalama. Kwani mimi ni nani? — Wa Katikati*

Mwanangu,

Hudanganyi. Wewe ni bai, na maelezo yako hayana pengo lolote.

Maana ninayoitumia ni ya Robyn Ochs, mwanaharakati wa Marekani ambaye mwenyewe ni bai. Anasema ni mtu anayetambua kwamba anaweza kuvutiwa, kimapenzi au kimwili, na watu wa jinsia zaidi ya moja. Si lazima wakati mmoja, si lazima kwa namna moja, wala kwa kiwango kimoja. Soma tena hayo ya mwisho, kwa sababu ndipo watu wengi wanapokwama. Wanadhani bai ni lazima avutwe nusu kwa nusu, kama sukari ya dukani inayopimwa kwenye mizani. Wapo wanaovutiwa na wanaume mara nyingi na wanawake mara chache, na mara hizo chache ni za kweli. Wapo ambao kwa mwanamke moyo hutangulia na kwa mwanamume mwili hutangulia. Wapo wasiowahi kumgusa mtu wa jinsia yao, nao wanajijua vizuri kabisa.

Tatizo ni kwamba mvuto hauonekani. Kinachoonekana ni nani umekaa naye mezani. Ulipokuwa na yule dada, waliokujua walikuita msagaji. Leo uko na huyu kaka, wanasema umerudi. Kila mara wanasoma maisha yako yote kwa kumtazama mtu aliye kando yako siku hiyo. Hata lugha yetu haikutusaidia. Maneno ya zamani kama basha na hanithi yanataja nani anafanya nini kitandani. Hayasemi moyo unavutwa na nani. Basha aweza kuwa na mke na watoto wanne, na mtaa usione haja ya kutafuta neno lingine.

Sasa tumsikilize mchumba wako, maana amesema mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja. Kama ulikuwa unajaribu tu, basi mvuto ule haukuwa kitu. Kama utamwacha kwa ajili ya mwanamke, basi mvuto ule una nguvu kuliko miaka yenu. Hajachagua moja kwa sababu hajafikiri bado, ameogopa. Na hofu yake inatokana na kudhani kwamba anayeweza kuwapenda wote anawahitaji wote. Yeye mwenyewe anavutiwa na wanawake, na Nairobi imejaa wanawake. Hajalala na wote, na wewe hukumdai hati ya kiapo. Amekuchagua, basi. Na wako ni uchaguzi huohuo. Mtu bai anaweza kusaliti kama mtu yeyote, lakini kinachomsalitisha ni tabia yake na ahadi anazovunja.

Hao marafiki zako wananiuma zaidi, kwa sababu wao walipaswa kujua uchungu wa kuambiwa hujijui. Lakini shaka yao ina mizizi. Wapo wengi waliowahi kujiita bai kwa mwaka mmoja au miwili walipokuwa wanaogopa kusema kwamba wanapenda jinsia yao pekee. Kwao neno hilo lilikuwa ngazi, na wanapokuona umesimama hapo wanadhani nawe unapanda ngazi ileile. Kisha kuna walioachwa. Niliwahi kuketi na dada mmoja aliyeshika kadi ya harusi ya mpenzi wake wa zamani, akiikunja na kuikunjua hadi karatasi ikachanika kwenye kona. Sikuweza kumwambia kwamba si kitu. Mwanamke aliye na mwanamume anaruhusiwa kuposwa, anapigiwa vigelegele, anatembea akiwa ameshikwa mkono. Wao hawaruhusiwi. Wakikuambia umepata usalama, hapo wanasema kweli, na ukubali. Uongo unaanza wanaposema uliutafuta huo na hukumpenda mtu.

Mtafiti Lisa Diamond wa Marekani alifuatilia wasichana 79 kwa miaka kumi, akiwahoji tena na tena, na matokeo aliyachapisha mwaka 2008. Walikuwa ni wanaopenda wanawake, walio bai, na wasiotaka jina lolote. Kama bai ingekuwa ngazi, kufikia mwaka wa kumi wangekuwa wameshuka upande mmoja au mwingine. Haikuwa hivyo. Waliolichukua jina la bai au kukaa bila jina walikuwa wengi kuliko waliouacha msimamo huo. Majina yalibadilika, wapenzi walibadilika, lakini mvuto wa pande mbili haukuyeyuka.

Kwa wanaume hadithi ilikuwa kali zaidi. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti mdogo uliopima miili ya wanaume waliojiita bai huku wakitazama picha za ngono, na watafiti wakaona miili mingi inaitikia jinsia moja zaidi. Gazeti kubwa la New York likaweka kichwa cha habari kinachouliza kama hawa wanapenda wanawake tu, ni mashoga, au ni waongo. Mwaka 2011 mmoja wa watafiti wale alirudia pamoja na wenzake wengine, safari hii wakichagua wanaume waliokuwa na historia ya mapenzi na pande zote mbili, na miili ikaitikia pande zote mbili. Mwaka 2020 data za mamia ya wanaume zilizounganishwa zikaonyesha vivyo hivyo. Miaka 15 watu walitembea na kichwa cha habari cha kwanza.

Angalia jambo moja la ajabu. Mwanamume bai huambiwa kwamba kwa kweli anapenda wanaume. Mwanamke bai huambiwa vilevile, kwamba kwa kweli anapenda wanaume. Shaka zote mbili zinaishia mlango mmoja, kana kwamba mwanamke hawezi kupendwa kwa uzito. Wale dada zako wangeliona hilo, wangeacha kulisaidia.

Mjibu mchumba wako mara moja, kwa utulivu, kwa kumwonyesha kwamba maneno yake mawili yanapingana. Halafu mtazame. Anayeogopa huuliza, husikia, na baada ya wiki kadhaa hupumua. Anayetaka kukumiliki huanza kukagua simu, hukukataza kuonana na kila rafiki wa kike, na siku mkigombana hutaja siri yako kama rungu. Ukiona hilo kabla ya mahari, ahirisha safari ya kwa wazazi. Na usimwachie picha wala jumbe za uhusiano ule wa zamani. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya bado kinaweka miaka 14 kwa kile kinachoitwa kinyume cha maumbile, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta mwaka 2019. Kinalenga vitendo, hakimwadhibu mtu kwa anavyohisi, lakini anayetaka kukutishia hatajali tofauti hiyo.

Grupu usiombe kurudishwa. Mtafute mmoja wao, yule mliyezoea kula naye, mkutane ana kwa ana. Mwambie ulimpenda yule dada miaka mitatu, umtaje kwa jina lake, na usimwombe radhi kwa huyu unayempenda sasa.

Shangazi